GB 4 Zinazoongezeka na GB 8 Zisizoongezeka

Mwuzaji alizipanga mashine mbili juu ya kaunta, ubavu kwa ubavu, akazifunua na kuziwasha kwa pamoja. Ndogo iliwaka upesi. Kabla hajamaliza kututajia bei, tayari ilikuwa inaomba nywila. Kubwa ilizungusha vile vidoti vyake vyeupe katikati ya skrini, ikazungusha tena, na sote watatu tukawa tunaitazama.

"Hii ina RAM ya GB 8 na SSD ya 256, laki tano na ishirini," alisema akigusa ile ndogo. "Hii nyingine RAM ni GB 4, lakini kioo ni kikubwa na diski ni ya 500. Nitawaachia kwa laki nne na thelathini."

Mpwa wangu alinitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuamua. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma takwimu chuoni Dodoma, na mama yake, yaani dada yangu wa Singida, alikuwa ameuza alizeti na kututumia shilingi 550,000 kwa ajili ya kompyuta. Hakukuwa na nyingine nyuma yake. Kijana aliona GB 8 upande mmoja na GB 4 upande wa pili, akaona moja imewaka na nyingine bado inahangaika, na kwa hesabu hiyo hakukosea. Nilimwomba anipe nusu saa kabla hatujatoa fedha.

Mashine zote mbili zilikuwa za mtumba, za kampuni moja na za mwaka mmoja. Ndogo ilikuwa ThinkPad X280, ina uzito wa kilo moja na kidogo. Kubwa ilikuwa ThinkPad T480, yenye kioo cha inchi 14 na uzito uliozidi kilo moja na nusu. Zote zilitoka mwaka 2018 na zote zilikuwa na prosesa ileile, Core i5-8250U. Namba hiyo ndiyo niliyoianza kuitafuta nilipoingia dukani. Tarakimu 8 inayofuata baada ya kistari inaonyesha kizazi cha nane, na ni kuanzia kizazi hicho ndipo Windows 11 inapozikubali rasmi prosesa za Intel za aina hii. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya bure ya kila mwezi tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine ya kizazi cha sita au cha saba, hata ikiwa nafuu kwa laki moja, humpa mwanafunzi tatizo jingine kabla hajafungua daftari. Hizi mbili zilikuwa zimevuka kizingiti hicho. Kilichobaki kuzitofautisha kilikuwa RAM na diski.

Watu wengi huchanganya vitu hivi viwili kwa sababu vyote hupimwa kwa GB. Mfikirie fundi cherehani. Ana rafu ambako vitambaa vyote vya wateja hukaa usiku na mchana, na ana meza ya kukatia. Rafu ndiyo diski: ukizima mashine, vilivyomo vinabaki. Meza ndiyo RAM: kila kinachofanyiwa kazi sasa hivi lazima kiwe juu yake, na ukizima mashine inafutika yote. Rafu kubwa haimsaidii fundi mwenye meza ya kukunja shati moja tu. Atakata kidogo, akunje, arudishe rafuni, atoe kitambaa kingine, akikate, akikunje. Kazi itafanyika, lakini sehemu kubwa ya siku atakuwa akitembea kati ya meza na rafu.

Kompyuta hufanya hivyohivyo. RAM ikijaa, Windows haikatai kazi mpya. Huchukua sehemu za programu ambazo hujazigusa kwa dakika chache, ikazihamishia kwenye faili maalumu ndani ya diski, na ukirudi kwenye programu hiyo huzirudisha. Ndiyo maana upungufu wa RAM hauwezi kupimwa peke yake. Uzito wake unategemea diski iliyo nyuma yake, na hapo ndipo mashine yetu kubwa ilipokuwa na ugonjwa wa pande mbili.

Diski yake ya GB 500 ilikuwa ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka na mkono mdogo unaosoma juu yake. Sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, ambayo ni mara 120 kwa sekunde. Inaonekana kasi kubwa, lakini kila inapotakiwa kusoma kipande kilicho mahali pengine, mkono lazima usogee kwanza, kisha usubiri sahani ilete sehemu inayohitajika chini yake. Kusogea na kusubiri huchukua kama milisekunde 15. Kwa hiyo vipande vilivyotawanyika husomwa kama 70 tu kwa sekunde, na Windows ikiwa inahamisha vitu kati ya RAM na diski, vipande vyake vimetawanyika kwa maelfu. SSD haina sahani wala mkono. Kipande kinachotafutwa hupatikana kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Tofauti hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitazama kwenye vile vidoti vyeupe.

Nilitaka kijana aone kwa macho yake. Tuliunganisha mashine zote na intaneti ya simu yangu, tukafungua vitu vilevile kila upande: Chrome yenye kurasa sita, jedwali moja la Excel, na vitabu viwili vya PDF. Hiyo ni meza ya kawaida ya mwanafunzi anayefanya kazi ya nyumbani, haina mchezo ndani yake wala filamu. Kisha tukabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja:

```
Ctrl + Shift + Esc
```

Hapo hufunguka Task Manager, na ukienda sehemu ya Performance unaona mashine inavyopumua. Kwenye ile ndogo RAM ilisomeka 5.1/7.8 GB (65%), na diski ilikuwa karibu imelala. Kwenye kubwa ilisomeka 3.5/3.9 GB (90%), na mstari wa Disk ulikuwa umegonga 100% na kung'ang'ania hapo. Nilimwambia ahame kutoka Excel kwenda Chrome. Kwenye ndogo, ilikuwa kufumba na kufumbua. Kwenye kubwa ukurasa ukawa mweupe, akahesabu kimoyomoyo hadi kumi na nne ndipo maandishi yakarudi.

"Mjomba, mbona jibu liko wazi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha neno moja ambalo watu wengi hulipita, limeandikwa Committed. Kwenye mashine kubwa lilisomeka 6.1/8.4 GB. Namba ya kwanza ni jumla ya nafasi ambayo programu zilizofunguliwa zimeahidiwa, ziwe zimetoshea kwenye RAM au zimesukumwa nje. Mashine ina GB 4 na imeahidi 6.1, kwa hiyo GB 2 na ushei zinalipwa na diski. Hiyo ndiyo namba ya kumpima nayo mwanafunzi yeyote. Fungua kila kitu unachotumia kwa kawaida, kisha isome. Ikikaribia au kuzidi RAM iliyomo, mashine inakopa kwenye diski. Kwa kazi ya mpwa wangu, GB 4 hazitoshi, na GB 8 zinatosha leo zikiwa na akiba ndogo.

Neno muhimu hapo lilikuwa "leo". Kwenye ukurasa uleule wa Memory, chini kabisa, kuna mistari miwili midogo. Kwenye mashine kubwa ilisema Slots used: 1 of 2, na Form factor: SODIMM. Maana yake ni kwamba ndani kuna nafasi mbili za kuchomeka RAM, moja ina kipande cha GB 4 na nyingine ni tupu. Kwenye ndogo, Form factor ilisema Row of chips. Hapo hakuna kipande cha kuchomoa. RAM imelehemiwa juu ya ubao mkuu wa mashine, ule mafundi wanaouita madabodi, na ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyozikwa. X280 zilitoka kiwandani zikiwa na GB 4, 8 au 16, na mnunuzi wa kwanza kule zilikotoka ndiye aliyeamua. Mnunuzi wa pili hana la kuongeza.

Diski ni habari nyingine. Kwenye mashine zote mbili diski inatoka. Ile kubwa ina chumba cha diski ya inchi 2.5, na ile ndogo ina SSD nyembamba kama kipande cha biskuti, imefungwa kwa skrubu moja. Kwa hiyo swali halikuwa tena "ipi ina GB nyingi". Likawa hili: upande mmoja kuna mashine nzuri leo yenye RAM isiyoongezeka hata kwa GB moja, na upande wa pili kuna mashine mbovu leo ambayo ubovu wake wote uko kwenye vitu viwili vinavyobadilishika.

Nina sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia binti yangu mashine mpya kabisa, ndani ya boksi, nyembamba na nzuri kwa macho. Ilikuwa na RAM ya GB 4 iliyolehemiwa, na diski ya GB 64 ya aina iitwayo eMMC, ambayo nayo ilikuwa imelehemiwa. Niliona neno "mpya" na waranti, nikaacha kuuliza. Baada ya Windows kujikalia, diski ilibakiwa na nafasi ambayo haikufika hata nusu. Mwaka haukuisha kabla masasisho ya Windows hayajaanza kukataa kwa kukosa mahali pa kufungulia mafaili yake. Binti alifuta picha, akafuta programu, akafuta hadi nukuu za darasani, na bado ujumbe ulikuwa uleule. Fundi niliyempelekea aliifungua, akanionyesha ubao mtupu usio na cha kuchomoa, akaifunga na kukataa kunidai hata senti. Mashine ile haikuharibika. Ilikosa tu pa kukua, na nilikuwa nimeilipia bei ya mashine mpya.

Basi tulikaa kwenye benchi nje ya duka na kupiga hesabu nyuma ya risiti ya daladala. Mashine ndogo ni 520,000, inabaki 30,000, na haidai kitu. Mashine kubwa ni 430,000. Nilikuwa nimeshapita duka la vipuri asubuhi ileile kuuliza bei, na hili nalisisitiza kwa kila mtu: uliza bei ya kipande cha RAM kabla hujakubali bei ya kompyuta. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, na hesabu aliyoipiga rafiki yako mwaka juzi haitakufaa. Sisi tuliambiwa RAM iliyotumika ya GB 8 ni 80,000, na SSD mpya ya GB 256 ya inchi 2.5 ni 75,000. Ukijumlisha na mashine unapata 585,000. Dada yangu alikuwa ametuma 550,000.

Kwa hiyo vyote viwili visingewezekana siku ile. Ilibidi tuchague kipi kitangulie, na hapa watu wengi hukosea kwa kukimbilia RAM kwanza kwa kuwa ndiyo wanayoisikia ikitajwa. Nilichagua SSD. Ukiongeza RAM na kuiacha diski inayozunguka, mashine bado itachukua dakika kadhaa kuwaka, Excel bado itafunguka kwa kusuasua, na kila sasisho la Windows litaifunga kwa nusu siku, kwa sababu mambo hayo yote yanaanzia kwenye diski. Ukiweka SSD na kubaki na GB 4, RAM itaendelea kujaa, lakini kila mashine inapokopa kwenye diski inakopa kwa mkopeshaji mwepesi. Zile sekunde kumi na nne zinageuka kuwa moja au mbili. Ni adha, lakini ni adha ambayo mtu anaweza kusomea nayo muhula mmoja.

Kulikuwa pia na sababu ya daladala. Diski inayozunguka haipendi kutikiswa ikiwa inafanya kazi, na mwanafunzi hufunga kifuniko, huitupa mashine mkobani na kukimbilia usafiri kabla haijalala vizuri. Mkono ule ukigusa sahani, kinachopotea ni kazi ya mwaka mzima.

Kuhusu ukubwa, kijana alikuwa na wasiwasi wa kutoka 500 kwenda 256. Nilimwambia kwanza asishangae kuona SSD ya 256 ikisomeka 238 kwenye skrini, na ile ya 500 kusomeka 465. Hajaibiwa. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, na Windows huhesabu kwa kipimo kikubwa zaidi kidogo. Kisha tukaangalia atakachoweka. Windows na faili zake za akiba itataka kama 40. Programu za ofisi na za takwimu zitataka chini ya 15. Kitabu cha PDF cha kawaida ni MB 5 hivi, kwa hiyo vitabu elfu moja ni GB 5. Tukaacha na sehemu ya tano ya diski iwe wazi, maana SSD iliyojaa hadi mdomoni hupungua kasi, na bado kulikuwa na zaidi ya GB 100 zake za kujinafasi. Kinachomaliza diski za wanafunzi ni filamu na tamthilia, na hizo hazihitaji kukaa mahali penye kasi.

Tulirudi ndani na kumwambia mwuzaji tunaichukua kubwa. Kabla ya kulipa nilichomeka flashi yangu yenye CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure inayosoma kumbukumbu ambayo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Nilikuwa naitoa ile diski, lakini sikuwa nina nia ya kuitupa. Ilionyesha neno Good, na mstari wa Reallocated Sectors Count ulikuwa sifuri, yaani hakuna sehemu iliyokufa ikahamishwa. Mstari huo ukiwa na namba inayopanda, usiiweke humo kazi yako yoyote. Kwa mtu anayenunua mtumba wenye SSD, programu hiyohiyo huonyesha asilimia ya maisha iliyobaki. Ile mashine ndogo ilikuwa na 88%, na ningekuwa mwongo nikisema SSD yake ilikuwa na tatizo.

Mwuzaji alishusha hadi 425,000. SSD ilikuwa 75,000, na kasha la plastiki la kuivisha diski ya zamani ili isomeke kupitia waya wa USB lilikuwa 15,000. Jumla ikawa 515,000. Shilingi 35,000 zilizobaki tulizirudisha mfukoni kuanzia kuchangia RAM.

Kazi yenyewe tuliifanya nyumbani jioni juu ya meza ya chakula. Kwanza, kabla ya kushika bisibisi, tuliwasha mashine huku tukigonga F1 hadi tukaingia BIOS, tukaenda Config, halafu Power, tukachagua Disable Built-in Battery. Mashine hii ina betri mbili, moja ya kuchomoa nyuma na moja iliyofichwa ndani, na hatua hiyo huizima ile ya ndani. Wengi huiruka. Ukichomoa diski au RAM huku umeme wa betri ya ndani ungali unatembea, unaweza kuunguza kitu ambacho hakinunuliki. Baada ya hapo tulichomoa betri ya nyuma, tukageuza mashine kichwa chini na kulegeza skrubu za kifuniko, ambazo hazitoki kabisa, hubaki zikining'inia kwenye matundu yake. Mpwa wangu aliingiza kadi ya plastiki ya vocha ya zamani kwenye ufa na kuitembeza pembeni, vibanio vikaachia kimoja kimoja.

Ndani palikuwa na vumbi jepesi, na mambo yote yalionekana. Diski ilikuwa kwenye kona, imeshikwa na fremu ya chuma na waya bapa. RAM ilikuwa upande wa pili, kipande kimoja cha kijani, na kando yake nafasi tupu yenye meno ya dhahabu. Alikiweka kidole juu ya ile nafasi tupu, bila kukigusa. Nadhani ndipo alipoelewa kilichonifanya nimzuie kule dukani.

Kuhamisha diski kulichukua dakika kumi. Kupakia Windows upya kulichukua chini ya saa moja, kwa flashi ya GB 8 niliyokuwa nimeiandaa kwenye kompyuta ya ofisini kwa programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool. Hakutakiwa kununua leseni. Ya mashine hii imefungamana na ubao mkuu, na ilijitambua yenyewe ilipopata intaneti. Napendelea kupakia upya kuliko kunakili diski ya zamani, maana mashine ya mtumba huja na takataka za watu watatu waliotangulia. Tulipomaliza, tulipima kwa saa ya simu. Kutoka kubonyeza kitufe hadi Chrome kufunguka, dukani ilikuwa dakika tatu zikiwa na upungufu mdogo. Sasa ilikuwa sekunde 31.

RAM bado ilikuwa GB 4, na sikumficha. Nilimwonyesha namna ya kuzima programu zinazojiwasha zenyewe kwenye sehemu ya Startup apps, nikamwambia asifungue kurasa kumi na tano za Chrome wakati wa kipindi cha mtandaoni. Alivumilia hivyo kuanzia Oktoba. Boom la kwanza lilipoingia kutoka Bodi ya Mikopo, alinipigia kabla hajala sehemu yake, tukaongeza zile 35,000, naye akanunua kipande cha GB 8 palepale Dodoma. Nilimwagiza maneno ya kusema dukani: DDR4, aina ya SODIMM, kasi ya 2400. Mwuzaji akikupa DDR3 kwa bei poa, pengo la katikati ya meno yake halilingani na la nafasi, na haliingii hata ukilazimisha, kwa hiyo usilazimishe. Alikichomeka mwenyewe kwa kukiinamisha kidogo kisha kukilaza hadi vibanio vya pembeni vikalia. Mashine ikawa na GB 12. Imemgharimu jumla ya 595,000, ambayo ni zaidi ya ile ndogo kwa 75,000, lakini hakuna siku aliyolazimika kuwa na fedha hizo zote kwa pamoja. Na bado ile GB 4 ya kwanza inaweza kutoka siku moja, ikaingia nyingine ya 8.

Sitasema kila mwanafunzi afanye tulivyofanya. Ningekuwa namnunulia msichana anayesoma ualimu, ambaye kazi yake ni kuandika, kusoma na kuandaa masomo, na ambaye kila siku anatembea mwendo mrefu akiwa na mkoba, ningempa ile ndogo bila kusita. GB 8 zingemtosha hadi mahafali, na nusu kilo begani kwa miaka mitatu si jambo dogo. Ningempa pia mtu ambaye hana hakika ya fedha nyingine baadaye, kwa sababu mashine ya GB 4 inayosubiri RAM isiyokuja ni mashine ya GB 4. Kama ile ndogo ingekuwa na GB 16 zilizolehemiwa kwa bei ileile, mazungumzo yetu yangeishia kaunta. Kilichoamua kwa mpwa wangu ni takwimu: mwaka wa pili na wa tatu ataanza kupakia data za utafiti zenye safu laki kadhaa kwenye R, na R hubeba data yote juu ya meza, haiachi kitu rafuni.

Wiki iliyopita alinipigia usiku. Mwenzake wa chumbani alikuwa amenunua X280, tena ile yenye SSD ya 128, na tayari ilikuwa imejaa na kuandika kwa wekundu. Walikuwa wamefungua Task Manager pamoja.

"Mjomba, hii imeandika Row of chips. Ndiyo haifunguki?"

Nikamwuliza namba ya Committed. Akanyamaza kidogo, akasoma: 5.8.

"Basi RAM yake inamtosha, mwache. Kinachomsumbua ni diski, na hiyo inatoka. Mwambie atafute ya M.2 yenye urefu wa 2280, aina ya NVMe, ya 256 au 512 kadiri ya mfuko wake. Na kabla hamjafungua kifuniko?"

"F1, Config, Power," alisema, nikasikia upande wa pili mtu akitafuta kalamu.